Mrejesho hasi kwa hesabu: kupata ukuzo, ukinzani wa ingizo na ukinzani wa towe katika miunganisho minne

Wengi waliosoma elektroniki wanaijua `Af = A/(1 + Aβ)` kwa moyo, lakini wakipima saketi mezani namba hazilingani na zile za daftarini. Fomula yenyewe haina tatizo. Tatizo huwa ni A waliyoitia ndani yake. Wamechukua ukuzo wa amplifaya ikiwa peke yake, bila kuhesabu kwamba rezista za mrejesho nazo zinaila ishara pande zote mbili, na bila kuingiza ukinzani wa chanzo wala wa mzigo. Wakishazidisha na kugawanya kwa `1 + Aβ`, hawajui tena ukinzani walioupata unatazamwa kutoka wapi.

Mwongozo huu unafuata njia moja kwa miunganisho yote minne. Mfano wa kwanza nitaufanya polepole hatua kwa hatua, wa pili nitauhakiki kwa ngspice, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, na miwili iliyobaki nitakazia pale panapopotosha watu.

## Kwanza tambua muunganisho

Muunganisho una majina mawili: la kwanza ni la upande wa ingizo, la pili ni la upande wa towe.

Kwenye ingizo, tazama waya wa mrejesho unarudi wapi. Ukirudi kwenye nukta ileile inakoingia ishara, mikondo ndiyo inayotoana, na huo ni muunganisho wa sambamba. Ukirudi kwenye mguu mwingine, kama emita ya transista ya kwanza au ingizo la pili la op-amp, volteji ndizo zinazotoana, na huo ni wa mfululizo.

Kwenye towe, usikadirie kwa macho. Fanya jaribio la kichwani. Piga mzigo shoti. Kama mrejesho unakufa, basi ulikuwa unachukua volteji, na towe ni la sambamba. Kama shoti haiuui, ukate mzigo kabisa. Mrejesho ukifa hapo, ulikuwa unachukua mkondo, na towe ni la mfululizo. Saketi nyingi za transista zinadanganya jicho, hasa zile ambazo towe linachukuliwa kwenye kolekta ilhali mrejesho umetoka kwenye emita.

Ukishajua jina, vipimo vya A na β vinajiweka vyenyewe. Ri na Ro ni ukinzani wa ingizo na wa towe wa saketi ya A, yaani kitanzi kikiwa kimevunjwa; Rif na Rof ni huohuo mrejesho ukiwa kazini:

| Ingizo–towe | A | β | Rif | Rof |
|---|---|---|---|---|
| mfululizo–sambamba | Vo/Vi | Vf/Vo | Ri(1+Aβ) | Ro/(1+Aβ) |
| sambamba–sambamba | Vo/Ii | If/Vo | Ri/(1+Aβ) | Ro/(1+Aβ) |
| mfululizo–mfululizo | Io/Vi | Vf/Io | Ri(1+Aβ) | Ro(1+Aβ) |
| sambamba–mfululizo | Io/Ii | If/Io | Ri/(1+Aβ) | Ro(1+Aβ) |

Huna haja ya kulikariri jedwali hili. Mfululizo hupandisha ukinzani wa upande wake, sambamba huushusha. Cha kushika ni kwamba A si lazima iwe ukuzo wa volteji. Katika sambamba–sambamba ni volteji kwa mkondo, kwa hiyo inapimwa kwa ohm, na β inapimwa kwa kinyume cha ohm. Zao la Aβ halina kipimo kamwe. Likikutokea na kipimo, umechanganya muunganisho. Likitokea hasi, ama umekosea alama mahali fulani, ama saketi yako ina mrejesho chanya na inaweza kupiga mluzi.

## Jinsi ya kuvunja kitanzi bila kuharibu A

Unapovunja kitanzi ili kupata A, usizitupe rezista za mrejesho. Zinabaki mahali pake, zikiubebesha mzigo upande wa ingizo na upande wa towe. Kinachoondolewa ni kazi yake ya kurudisha ishara tu.

Kanuni ni hii. Ukitaka kujua mtandao wa mrejesho unaonekanaje kutoka kwenye ingizo, nenda upande wa towe uuzime mrejesho: towe likiwa la sambamba, lipige shoti, likiwa la mfululizo, likate. Ukitaka kujua unaonekanaje kutoka kwenye towe, nenda upande wa ingizo ufanye vivyo hivyo: sambamba piga shoti, mfululizo kata. Unatenda upande mmoja, unatazama kutoka upande wa pili. Wanaokosea hapa huwa wamepiga shoti upande uleule wanaoutazama.

Ukinzani wa chanzo Rs na wa mzigo RL vyote vinaingia ndani ya A. Chanzo kwenye ingizo la mfululizo unakiandika kama volteji yenye Rs mbele yake. Kwenye ingizo la sambamba unakigeuza kuwa mkondo `Vs/Rs` wenye Rs kando yake. Ri na Ro unazozipata hapo zimeshabeba Rs na RL, kwa hiyo hata baada ya kuzizidisha au kuzigawanya kwa `1 + Aβ` bado zimezibeba. Hatua ya mwisho ni kuzivua.

## Mfano wa kwanza: mfululizo–sambamba

Tuseme tuna amplifaya yenye ukuzo wa volteji 1000, ukinzani wa ingizo 20 kΩ na wa towe 1 kΩ, tuseme imeundwa kwa transista tatu. Chanzo kina Rs ya 5 kΩ, mzigo ni 2 kΩ. Kutoka kwenye towe, R2 ya 19 kΩ inakwenda kwenye ingizo la kugeuza, na kutoka hapo R1 ya 1 kΩ inakwenda ardhini.

β ni mgawanyo wa volteji tu:

```
β = R1/(R1 + R2) = 1/20 = 0.05
```

Sasa mizigo ya mtandao. Towe ni la sambamba, kwa hiyo nalipiga shoti, nakwenda kwenye ingizo na kutazama ndani: R1 na R2 zote zimeishia ardhini, zinaonekana kuwa 950 Ω. Hizo zinakaa kwa mfululizo na ingizo. Ingizo ni la mfululizo, kwa hiyo nalikata, nakwenda kwenye towe: naona R2 kisha R1, jumla 20 kΩ, sambamba na mzigo. 2 kΩ sambamba na 20 kΩ ni 1.818 kΩ.

Kwa hiyo A ni migawanyo miwili pamoja na ukuzo wa kati:

```
A  = [20/(5 + 20 + 0.95)] × 1000 × [1.818/(1.818 + 1)]
   = 0.7707 × 1000 × 0.6452
   = 497
Aβ = 24.9
1 + Aβ = 25.9
```

Tazama A ilivyopungua. Ile 1000 ya mwanzo imekatwa nusu kabla hata mrejesho haujaanza kazi. Aliyeitia 1000 kwenye fomula amepata `1 + Aβ` ya 51, mara mbili ya ukweli, na kila jibu linalofuata limerithi kosa hilo.

Ukuzo wa kitanzi kilichofungwa ni 497/25.86, yaani 19.2. Ukichukua njia ya mkato ya 1/β unapata 20. Tofauti ni asilimia nne hivi, na kwa kazi nyingi inavumilika. Ukuzo ndicho kitu kinachosamehe zaidi. Ukinzani hausamehi.

Ri ya saketi ya A ni 5 + 20 + 0.95, yaani 25.95 kΩ. Ikizidishwa kwa 25.86 inakuwa 671 kΩ. Huo ndio Rif, lakini ni ukinzani unaotazamwa na chanzo cha volteji tupu, Rs ikiwa ndani. Kinachotazamwa kwenye ncha za amplifaya ni hicho ukitoa 5 kΩ:

```
Rin = 671 − 5 = 666 kΩ
```

Ro ya saketi ya A ni 1 kΩ, 2 kΩ na 20 kΩ zote sambamba, yaani 645 Ω. Gawanya kwa 25.86 upate 24.95 Ω. Hapa mzigo umo ndani, na kwa kuwa ni sambamba, kuuvua ni kutoa kinyume cha ukinzani:

```
1/Rout = 1/24.95 − 1/2000
Rout   = 25.3 Ω
```

Kuvua mzigo kumebadilisha namba kidogo tu kwa sababu 2 kΩ ni kubwa mno kulinganisha na 25 Ω. Usizoee kuiruka hatua hii kwa sababu hiyo. Kwenye saketi yenye mzigo mdogo itakuumbua.

Kuna kitu tulichokiacha kimyakimya. Mtandao wa mrejesho unapitisha ishara kidogo kwenda mbele pia, kutoka ingizo hadi towe, bila kupitia amplifaya. Katika mfano huu, kwa kila mkondo unaoingia, amplifaya inasukuma kwenye towe mara 20,000, mtandao unapitisha mara 0.05. Kukiacha hicho hakuna hasara yoyote. Ni pale amplifaya inapokuwa dhaifu kabisa, au katika masafa ya juu ambako ukuzo wake umeisha, ndipo njia hiyo ya mbele inapoanza kuonekana.

## Mfano wa pili: sambamba–sambamba kwa transista moja

Saketi hii karibu kila fundi ameiona: BC547 moja, betri ya 9 V, RC ya 3 kΩ kwenye kolekta, na RF ya 220 kΩ kutoka kolekta hadi besi. RF inafanya kazi mbili, kuipa besi mkondo wake na kurudisha ishara. Kwa transista yenye hfe ya 200, mkondo wa kolekta unatulia karibu 2 mA: besi inahitaji 10 µA, ambazo kwenye 220 kΩ ni 2.2 V, juu yake 0.7 V ya besi, kolekta inakaa 2.9 V, na RC inabeba zile 6 V zilizobaki.

Kwa 2 mA, `gm` ni 80 mA/V, `rπ` ni 2.5 kΩ, na `ro` naichukua 30 kΩ. Chanzo kinaingia kupitia kapasita, kikiwa na Rs ya 4.7 kΩ.

RF inarudi kwenye besi, mahali palepale inapoingia ishara. Ingizo ni la sambamba. Kolekta ikipigwa shoti ardhini kwa ishara, hakuna kinachorudi. Towe ni la sambamba. Mkondo unaorudi ni `−Vo/RF`, kwa hiyo:

```
β = −1/220 kΩ
```

Alama ya kutoa si ya kupuuzwa. A nayo itatoka hasi kwa sababu transista inageuza, na zao litakuwa chanya kama inavyotakiwa.

Mizigo: pande zote mbili ni za sambamba, kwa hiyo pande zote mbili unapiga shoti. RF inaonekana kama 220 kΩ kwenda ardhini kwenye besi, na 220 kΩ nyingine kwenda ardhini kwenye kolekta. Ndiyo, rezista moja inahesabiwa mara mbili, na wengi wanaona kama ni udanganyifu. Si udanganyifu. Kila upande unaubeba mzigo huo kweli.

```
besi:    4.7 ∥ 220 ∥ 2.5  = 1.62 kΩ
kolekta: 3 ∥ 30 ∥ 220     = 2.69 kΩ
A  = −1.62 × 80 × 2.69    = −349 kΩ
Aβ = 349/220 = 1.59
1 + Aβ = 2.59
```

Hapa ndipo mfano huu unapokuwa na faida. Ukuzo wa kitanzi ni 1.59 tu, kidogo mno. Af ni −349/2.59, yaani −135 kΩ, ilhali njia ya mkato ingesema −220 kΩ. Ukiutaka ukuzo wa volteji kutoka kwenye chanzo, gawanya kwa Rs: −135/4.7 inatoa −28.7. Fomula ya `−RF/Rs` waliyoizoea watu wa op-amp ingesema −46.8. Fundi aliyepanga saketi kwa namba hiyo ataona sauti ni hafifu na ataanza kubadilisha transista, wakati transista ni nzima.

Rif ni 1.62/2.59, yaani 626 Ω, Rs ikiwa ndani. Ivue kama ulivyouvua mzigo kule mwanzo, kwa kuwa hapa Rs iko sambamba:

```
1/Rin = 1/626 − 1/4700
Rin   = 722 Ω
```

Rof ni 2.69/2.59, yaani 1.04 kΩ. Hakuna mzigo wa nje niliouhesabu. RC ni sehemu ya saketi yenyewe, kwa hiyo hapa hakuna cha kuvua.

Jambo la kuangalia sana: Rout hii inategemea Rs. Unganisha chanzo chenye Rs ndogo, Aβ inashuka kwa sababu mkondo unaorudi unamezwa na chanzo badala ya kuingia kwenye besi, na mrejesho unakaribia kutoweka. Volteji tupu kwenye besi inaufuta kabisa. Kinyume chake ni kwenye ingizo la mfululizo, ambako Rs kubwa ndiyo inayoumiza.

Kuhakiki, andika saketi ya ishara ndogo kwenye ngspice:

```
mfano wa pili
Is 0 b AC 1
Rs b 0 4.7k
Rpi b 0 2.5k
Rf b c 220k
Rc c 0 3k
Ro c 0 30k
Gm c 0 b 0 80m
.ac lin 1 1k 1k
.print ac vm(c) vm(b)
.end
```

Chanzo ni mkondo wa 1 A, ambao hauogopeshi kwa kuwa saketi hii ni ya mstari tupu. Kwa hiyo volteji ya kolekta ndiyo Af moja kwa moja, karibu 134,950, na ya besi ndiyo Rif, karibu 626. Kupata Rof, ondoa Is, weka `It 0 c AC 1`, na usome `vm(c)`: karibu 1041. Hesabu ya mkono na ya kompyuta zinakutana hadi tarakimu ya nne, na hapo RF imo mara moja tu. Hilo linatosha kumtuliza anayetilia shaka ile hesabu ya mara mbili.

## Mfano wa tatu: mfululizo–mfululizo, na mtego wa kolekta

Chukua transista ileile, 2 mA ileile, Rs ileile ya 4.7 kΩ. Ondoa RF, ipe besi mkondo kwa njia nyingine (rezista zake nazichukulia kubwa vya kutosha kuachwa), na weka RE ya 100 Ω kwenye emita bila kapasita kando yake.

Volteji ya RE inatolewa kwenye ishara inayoingia. Ingizo ni la mfululizo. Kolekta ikipigwa shoti mkondo bado unapita RE, mrejesho upo. Mzigo ukikatwa, mkondo hakuna, mrejesho umekufa. Towe ni la mfululizo, na β ni RE yenyewe, 100 Ω.

Pande zote mbili unakata, kwa hiyo RE inaonekana kama 100 Ω kwa mfululizo kwenye ingizo na 100 Ω nyingine kwa mfululizo kwenye kitanzi cha towe. Mzigo wa kitanzi cha towe ni RC ya 3 kΩ:

```
Ri = 4.7 + 2.5 + 0.1 = 7.3 kΩ
Ro = 30 + 0.1 + 3    = 33.1 kΩ
A  = (2.5/7.3) × 80 × (30/33.1) = 24.8 mA/V
1 + Aβ = 1 + 2.48 = 3.48
Af = 7.13 mA/V
```

Kwenye RC ya 3 kΩ hiyo ni ukuzo wa volteji wa −21.4. Rif ni 7.3 × 3.48, yaani 25.4 kΩ, toa Rs na Rin inabaki 20.7 kΩ. Linganisha na 722 Ω za mfano uliopita. Transista ni ileile na mkondo ni uleule. Kilichobadilika ni rezista moja na mahali ilipofungwa.

Sasa towe. Rof ni 33.1 × 3.48, yaani 115 kΩ. Watu wanaiandika hiyo kuwa ukinzani wa towe, kisha wanaunganisha mzigo wa 10 kΩ na kushangaa volteji imeshuka karibu robo tu. 115 kΩ ni ukinzani wa kitanzi kizima, RC ikiwemo. Toa 3 kΩ upate 112 kΩ: huo ndio ukinzani wa kutazama ndani ya kolekta. Lakini anayechukua volteji kwenye kolekta anaiona RC ikiwa sambamba na hizo 112 kΩ:

```
3 ∥ 112 = 2.92 kΩ
```

Mrejesho umepandisha ukinzani wa kolekta karibu mara nne na aliyeunganisha waya kwenye kolekta hajaona tofauti yoyote. RC ni mzigo wa mkondo, na mrejesho wa mfululizo hauugusi mzigo wake. Hizo 112 kΩ zina faida pale tu kolekta inapotumika kama chanzo cha mkondo, kwa mfano kulisha taa ya LED au jozi ya transista.

## Mfano wa nne: sambamba–mfululizo

Hii ni jozi ya transista mbili. Q1 ina RC1 ya 3 kΩ, kolekta yake inaendesha besi ya Q2. Emita ya Q2 ina RE ya 100 Ω, na kutoka emita hiyo RF ya 1.9 kΩ inarudi kwenye besi ya Q1. Zote zina `rπ` ya 2.5 kΩ na hfe ya 200, Rs ni 4.7 kΩ kama kawaida. `ro` naiacha kwanza.

β ni mgawanyo wa mkondo kati ya RE na RF, 100/2000, ukubwa wake 0.05. Kwenye ingizo, mtandao unaonekana kama RF na RE kwa mfululizo, 2 kΩ kwenda ardhini, kwa sababu kule kwenye towe tumekata. Kwenye emita ya Q2 unaonekana kama RE sambamba na RF, 95 Ω, kwa sababu kwenye ingizo tumepiga shoti.

Ri ni 4.7, 2 na 2.5 kΩ zote sambamba, yaani 0.9 kΩ. Q1 inageuza kila mkondo unaoingia kuwa mara 72 kwenye kolekta yake. Besi ya Q2, yenye 95 Ω kwenye emita, inaonekana 21.6 kΩ, kwa hiyo inapata 3/24.6 tu ya mkondo huo, mara 8.8. Zidisha kwa 200:

```
A  ≈ −1750
1 + Aβ ≈ 89
Af ≈ −20
Rif ≈ 899/89 ≈ 10 Ω
```

Kitanzi hiki kina nguvu, kwa hiyo Af imekaa karibu kabisa na 1/β, na kuvua Rs kutoka kwenye 10 Ω hakubadilishi chochote cha maana. Ingizo la 10 Ω ni sawa na shoti kwa chanzo chochote cha kawaida.

Kwa ukinzani wa towe, usiikimbilie jedwali. Ukitazama ndani ya kolekta ya Q2 huwezi kuzidisha `ro` ya 30 kΩ kwa 89 na kuendelea hadi popote. Mrejesho unaulinda mkondo wa emita, kwa sababu RE iko huko. Mkondo wa kolekta ni wa emita ukitoa wa besi, na wa besi hakuna anayeulinda. Volteji ya kolekta inapopanda, mkondo wa ziada unaopita `ro` unazimwa kwa besi kupungukiwa, na kiasi hicho kilichopungua besi ndicho kinachojitokeza kwenye kolekta. Kwa hiyo kuna dari, takriban hfe mara `ro`: hapa 6 MΩ. Hata ukiongeza Aβ mara mia, hutaivuka. Dari hiyohiyo ipo kwenye mfano wa tatu, ila kule tulikuwa mbali nayo. Ukitumia MOSFET badala ya transista ya kawaida, geti haichukui mkondo na dari hii inaondoka.

## Kupima mezani

Rout inapimwa kwa mzigo mmoja tu. Pima volteji ya towe bila mzigo, V1, kisha unganisha RL kupitia kapasita kubwa na upime V2:

```
Rout = RL × (V1/V2 − 1)
```

Chagua RL iliyo karibu na Rout unayoitarajia. Kwenye mfano wa pili, 1 kΩ inatakiwa kuishusha volteji hadi karibu nusu. Ukitumia 100 kΩ, mabadiliko yatakuwa asilimia moja na multimita yako haitayaona. Kwenye mfano wa kwanza usithubutu kupima kwa mzigo wa 25 Ω, amplifaya itakata vilele vya wimbi na utapata namba isiyo na maana. Pima kwa 200 Ω na ishara ndogo.

Rin inapimwa kwa kuweka rezista Rx kati ya chanzo na ingizo, na kupima volteji kabla yake (Va) na baada yake (Vb):

```
Rin = Rx × Vb/(Va − Vb)
```

Kwenye ingizo la 666 kΩ, ncha ya oskiloskopu ya 1 MΩ itaharibu kipimo cha Vb. Hapo pima towe badala ya ingizo: soma Vo bila Rx, kisha na Rx ya 470 kΩ. Kwa kuwa Rx inaingia pamoja na Rs, towe linatakiwa kushuka kwa uwiano wa 671 kwa 1141.

Katika saketi za transista moja, ishara kati ya besi na emita isizidi milivolti 5 hivi, la sivyo `gm` uliyoihesabu si ile inayofanya kazi. Kwenye mfano wa pili, chanzo cha 20 mV kinaipa besi 2.7 mV na kolekta inatoa 574 mV, kipimo kizuri. Ukipata pungufu sana, pima kwanza volteji ya kolekta bila ishara. Kama haiko karibu na 2.9 V, hfe ya transista yako si 200, na `gm`, `rπ` na Aβ zote zimehama nayo.